Mwaliko wa Siku ya Kuzaliwa kwa Kifaransa

Mwaliko wa siku ya kuzaliwa ya mtoto ni barua fupi ambayo mzazi humwandikia mzazi mwenzake, akimwomba amlete mwanawe kucheza, kula na kukata keki pamoja na mtoto anayesoma naye darasa moja. Ukiandikwa kwa Kifaransa, mwaliko huo huwa na sentensi zisizozidi kumi hivi, nazo hujibu maswali matano: nani amealikwa, lini, wapi, kutaliwa nini, na jibu litumwe kwa nani. Sarufi inayohitajika si nyingi. Ugumu uko kwenye desturi, kwa sababu familia iliyozoea sherehe za watoto za Ufaransa huusoma mwaliko ikidhani mambo kadhaa ambayo familia ya Kenya haikuyakusudia, na familia ya Kenya nayo huacha bila kutaja mambo ambayo Mfaransa anasubiri kuambiwa.

Naivasha ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Mashamba ya maua, mitambo ya mvuke ya Olkaria na hoteli za kando ya ziwa zimeleta familia kutoka nchi nyingi. Aidha, mji uko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na Nairobi ndiko kuliko Lycée Denis Diderot, shule inayofuata mtaala wa Ufaransa tangu darasa la watoto wa miaka mitatu hadi mtihani wa mwisho wa sekondari. Katika madarasa ya namna hiyo hukaa pamoja watoto wa Kifaransa, wa Kikongo, wa Kirundi, wa Kikenya na wa mataifa mengine. Mzazi wa Kikenya mwenye nyumba Naivasha anaweza kujikuta anataka kuwaalika watoto ambao wazazi wao hawasomi Kiingereza kwa raha na Kiswahili hawakijui kabisa. Sura hii inachukua mfano huo: mtoto wa kike anayeitwa Amani anatimiza miaka 7, na wazazi wake wanamwalika Lucas, mwenzake wa darasani anayeishi Nairobi. Majina yote mawili ni ya mfano.

Nani anasema na nani

Uamuzi wa kwanza ni sauti ya barua. Wafaransa wana namna mbili, na zote ni sahihi. Katika ya kwanza mtoto mwenyewe ndiye anayesema na mwenzake. Kadi huanza kwa maneno kama *Viens fêter mes 7 ans !*, yaani njoo tusherehekee miaka yangu 7, na humwita mgeni *tu*, namna ya kumtaja mtu mmoja unayemzoea. Katika ya pili wazazi wanasema na wazazi, na hapo kiwakilishi ni *vous*.

*Vous* hutumika kwa sababu mbili zinazokutana hapa. Ni namna ya heshima kwa mtu mmoja asiyezoeleka, na pia ni wingi wa kawaida unapowaambia baba na mama pamoja. Kwa hiyo mzazi anayewaandikia wazazi wawili hana wasiwasi wa kuchagua: *vous* ni sahihi hata kama ameshazoeana na mmoja wao. Wazazi wanaokutana kila asubuhi langoni mwa shule huenda wakahamia *tu* baada ya muda, lakini hatua hiyo huanzishwa ana kwa ana. Haianzishwi katika barua ya kwanza.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchanganya sauti hizo mbili. Mwaliko unaanza mtoto akisema *je*, katikati wazazi wanasema *nous*, kisha mgeni anaitwa *tu* kwenye mstari mmoja na *vous* kwenye mstari unaofuata. Msomaji hashindwi kuelewa, lakini hajui tena kama maelezo ya chakula na njia yanamhusu yeye au mtoto wake. Familia inayotoka mbali inahitaji maelezo mengi, hivyo ni afadhali wazazi waseme tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto anaweza kuchora kadi yake pembeni.

Barua huanza kwa *Chers parents de Lucas*. Mwishoni hutiwa sahihi *Les parents d'Amani*, au *La maman d'Amani* ikiwa mama ndiye aliyeandika. Mkenya aliyezoea kuitwa Mama Amani au Baba Amani ataona hapa desturi aliyonayo tayari: shuleni Wafaransa nao hujulishana kwa majina ya watoto wao, na hakuna anayeona kuwa ni kukosa adabu kuacha jina la ukoo.

Sentensi ya kwanza

Mwanzo wa barua hutaja mtoto, umri anaotimiza na ombi lenyewe. Njia iliyo nyepesi zaidi ni kutaja miaka: *fêter les 7 ans d'Amani*, kusherehekea miaka 7 ya Amani. Wengi hujaribu kusema siku ya kuzaliwa ya saba kwa kuweka namba ya mpangilio mbele ya *anniversaire*. Maneno hayo yanaeleweka, lakini yana harufu ya maadhimisho ya taasisi au ya ndoa. Kwa mtoto, Mfaransa huhesabu miaka.

Herufi ya kwanza ya jina inabadilisha neno linalotangulia. Jina likianza kwa irabu, *de* hukatwa na kuwa *d'*: *d'Amani*, *d'Otieno*, *d'Esther*. Likianza kwa konsonanti, *de* hubaki: *de Wanjiru*, *de Lucas*. Jinsia nayo hubadilisha maneno yanayozunguka. *Notre fille* ni binti yetu, na *notre fils* ni mwana wetu wa kiume. Mama akiandika peke yake atasema *je serais heureuse*, baba atasema *je serais heureux*, na wakiandika wote wawili itakuwa *nous serions heureux*. Kitenzi kimewekwa katika hali ya masharti, tungefurahi, kwa kuwa ndiyo inayolifanya ombi liwe la upole.

Mtu anayefikiria kadi rasmi za harusi huandika kwamba familia inaomba kwa heshima uwepo wa mgeni. Ikigeuzwa neno kwa neno, sentensi hiyo husomeka kama wito wa ofisini. Kwa sherehe ya mtoto, kitenzi *accueillir*, kumpokea mtu nyumbani, kinatosha na kina ukarimu ndani yake.

Siku na saa

Tarehe za Kifaransa huandikwa kwa utaratibu mmoja: siku, tarehe, mwezi. *Le samedi 13 juin* ni Jumamosi tarehe 13 Juni. Majina ya siku na miezi huanza kwa herufi ndogo, na hakuna neno la kuunganisha mbele yake zaidi ya *le*. Wanaofikiri kwa Kiingereza huongeza *sur*, neno ambalo hapa lina maana ya juu ya kitu tu.

Saa zinahitaji uangalifu zaidi. Kifaransa cha maandishi hutumia saa 24, zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Kiswahili huhesabu kuanzia mapambazuko. Kwa saa zote za mchana hesabu ni moja: chukua saa ya Kiswahili uongeze 6. Saa tano asubuhi inakuwa *11 h*, saa nane na nusu inakuwa *14 h 30*, na saa kumi jioni inakuwa *16 h*. Mzazi akisahau kuongeza na kuandika *5 h*, mgeni atasoma saa kumi na moja alfajiri. Huyo atapiga simu kuuliza. Hatari zaidi ni *10 h* iliyokusudiwa kuwa saa kumi jioni, maana saa nne asubuhi ni wakati unaowezekana kabisa, na mgeni atatangulia sherehe kwa muda wa saa sita bila kushuku lolote.

Mwaliko wa Kifaransa hutaja saa ya kuanza na pia ya kumaliza: *de 11 h à 16 h*. Katika nyumba nyingi za Kenya saa ya kumaliza haitajwi, kwa kuwa kumwambia mgeni atakapoondoka kunaonekana kama kumfukuza. Kwa Mfaransa ni taarifa ya lazima, kwani mara nyingi humwacha mtoto na kurudi kumchukua, na anapanga mchana wake wote kwa saa hiyo. Kwa wageni wa Naivasha kuna sababu ya ziada. Karibu na ikweta jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na safari ya kurudi Nairobi, iwe kwa barabara ya juu inayopita Limuru au kwa mteremko wa Mai Mahiu, huchukua saa moja na nusu hadi mbili njia ikiwa nyeupe. Sherehe ikiisha saa kumi, familia inafika nyumbani kabla ya giza au muda mfupi baadaye.

Tarehe yenyewe ichunguzwe kabla ya kuandikwa. Mashindano ya magari ya Safari Rally yalirudi katika mfululizo wa dunia mwaka 2021 yakiwa na makao yake Naivasha. Hadi 2023 yalifanyika Juni, na tangu 2024 yamefanyika Machi. Wikendi hiyo hoteli hujaa na barabara ya kwenda Naivasha hupitika kwa shida. Familia ya Nairobi inayoalikwa wikendi ya mashindano itajibu kwa heshima kwamba haitaweza, na mwenyeji hatajua kuwa tatizo lilikuwa barabara. Mwaliko utumwe wiki tatu kabla, maana safari ya kilomita 90 na mtoto mdogo haipangwi kwa siku tatu.

Chakula

Hapa ndipo desturi mbili zinapopishana zaidi. Nchini Ufaransa sherehe ya mtoto huwa kwa kawaida ni *goûter d'anniversaire*. *Goûter* ni chakula kidogo cha watoto cha alasiri, mnamo saa kumi: keki, biskuti, matunda, maji ya matunda. Hakuna nyama wala wali. Kanuni moja inayojulikana sana kwa wazazi wa huko ni kualika watoto kwa idadi ya miaka ya mwenye sherehe, hivyo mtoto wa miaka 7 hualika wenzake 7. Huchezwa michezo, keki hukatwa, zawadi hufunguliwa, na baada ya muda wa saa tatu hivi kila mtoto anakwenda kwao.

Naivasha, sherehe ya siku ya kuzaliwa bila pilau, chapati, kuku au nyama ya kuchoma itaonekana pungufu, na shangazi, wajomba na majirani huwa wamo. Mzazi akiandika *goûter* kisha akapika pilau la watu arobaini, wageni wake watafika wameshakula njiani. Akipanga keki na soda peke yake bila kusema ni *goûter*, wageni waliosafiri asubuhi watashinda na njaa. Dawa ni kuutaja mlo na saa yake.

Jina la mlo nalo lina mtego. Nchini Ufaransa *déjeuner* ni chakula cha mchana na *dîner* ni cha jioni. Nchini Ubelgiji na Uswisi *déjeuner* ni kifungua kinywa na *dîner* ni cha mchana, na baadhi ya Wakongo na Warundi, ambao nchi zao zilitawaliwa na Wabelgiji, hutumia majina kwa mpangilio huo. Darasa moja la Nairobi linaweza kuwa na familia za pande zote mbili. Kwa hiyo mwandishi mwangalifu huepuka maneno yote mawili na kuandika *un repas vers 12 h 30*, mlo mnamo saa sita na nusu. Hakuna atakayekosea.

Mwaliko huuliza pia kuhusu mzio na vyakula visivyoliwa. Orodha fupi ndani ya mabano husaidia: *arachides* ni karanga, *œufs* ni mayai, *lait* ni maziwa, na *fruits à coque* ni jamii ya korosho, lozi na mfano wake. Asiandike *noix* akidhani ametaja njugu zote, maana neno hilo humpeleka Mfaransa kwenye jozi kwanza, na mzazi wa mtoto mwenye mzio wa korosho hataona sababu ya kusema. Karanga nazo lazima zitajwe peke yake, kwa kuwa hazihesabiwi ndani ya *fruits à coque*. Dini huwekwa chini ya swali pana la vyakula ambavyo mtoto hali. Hivyo familia ya Kiislamu au isiyokula nyama hujibu bila kuulizwa imani yake.

Nani anabaki

Mfaransa akisoma kwamba Lucas amealikwa, anaelewa kuwa Lucas peke yake ndiye aliyealikwa. Dada yake hayumo, na wazazi watamwacha langoni. Mkenya anaposema hivyohivyo mara nyingi ana maana ya familia nzima, na atashangaa gari likigeuza na kuondoka. Kinyume chake pia hutokea: wazazi wa Kifaransa hukataa mwaliko wa Naivasha kwa sababu wanajiuliza watakaa wapi kwa saa tano wakimsubiri mtoto.

Sentensi moja inaondoa shaka: *Vous êtes également les bienvenus, ainsi que les frères et sœurs de Lucas.* Ninyi pia mnakaribishwa, pamoja na ndugu zake Lucas. Ikiwa nafasi ni ndogo na mwenyeji anawataka watoto peke yao, anaweza kuandika *Vous pouvez déposer Lucas à 11 h et venir le chercher à 16 h*, na Mfaransa hatakasirika hata kidogo. Kinachomsumbua ni kutokujua.

Zawadi haitajwi. Wafaransa huleta zawadi ndogo bila kuambiwa, na mwaliko unaotaja zawadi, hata kwa nia ya kuikataa, hugeuza mazungumzo. Kuhusu picha, sentensi moja inafaa: *Nous ne publierons aucune photo des enfants sans votre accord.* Ufaransa ilipitisha tarehe 19 Februari 2024 sheria ya kulinda haki ya watoto juu ya picha zao, na wazazi wengi wa huko hawapendi kuona sura ya mtoto wao kwenye mtandao wa mtu mwingine.

Mahali na tahadhari

Anwani ya Ufaransa ni namba, barabara na msimbo wa posta. Nyumba ya kando ya ziwa Naivasha haina namba ya namna hiyo, kwa hiyo mwelekeo hutolewa kwa alama. Anayetoka mjini kwa Moi South Lake Road huwa na ziwa upande wake wa kulia, hivyo nyumba ya ufukweni itakuwa kulia: *à droite après Karagita*. Alama itakayotajwa isiwe kitu kilicho ukingoni mwa maji. Ziwa limekuwa likipanda kwa miaka mingi, na mtaa wa Kihoto ulifunikwa na maji mwaka 2020 na tena 2025, kwa hiyo njia iliyokuwa kavu mwaka uliopita huenda leo haipitiki. Ramani ya simu huambatishwa na ujumbe.

Mzazi wa mjini akisikia ziwa anawaza mambo mawili: kuzama na viboko. Viboko wa Naivasha hushinda majini na hupanda nchi kavu kula majani jua likizama, jambo linaloongeza uzito kwenye saa ya kumaliza. Mwaliko unaosema wazi kwamba watoto watacheza bustanini, mbali na maji, na kwamba watu wazima watakuwa wakiwatazama, humwondolea mzazi hofu ambayo asingeisema. Ikiwa kuna safari ya mashua, ni lazima itajwe kabla, pamoja na maboya ya kuvaa, *gilets de sauvetage*, ili mzazi akubali au akatae akiwa nyumbani kwake. Sherehe ikifanyika mahali pa kulipia, kama mbuga ya Hell's Gate, mwaliko useme nani analipa: *les entrées sont à notre charge* humaanisha kwamba kiingilio ni juu ya mwenyeji.

Vitu vya kubeba hutanguliwa na kitenzi *prévoir*, kujiandaa na kitu. Kofia, viatu vya kufunika mguu na sweta vinatosha. Sweta haipaswi kusahaulika: Naivasha iko mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni upepo wa alasiri huwa baridi kwa mtoto aliyekuwa akikimbia.

Barua kamili

Mambo yote hayo yakikusanywa, barua inakuwa hivi:

> Naivasha, le 23 mai
>
> Chers parents de Lucas,
>
> Notre fille Amani, qui est dans la classe de Lucas, va avoir 7 ans. Pour fêter son anniversaire, nous serions très heureux d'accueillir Lucas chez nous, à Naivasha, le samedi 13 juin, de 11 h à 16 h.
>
> Comme la route est longue depuis Nairobi, vous êtes également les bienvenus, ainsi que les frères et sœurs de Lucas. Nous servirons un repas vers 12 h 30, puis le gâteau à 14 h 30. Merci de nous signaler toute allergie (arachides, fruits à coque, œufs, lait) et tout aliment que Lucas ne mange pas.
>
> La maison se trouve sur Moi South Lake Road, à droite après Karagita. Un plan est joint à ce message. Les enfants joueront dans le jardin, loin de l'eau, sous la surveillance d'adultes. Prévoyez un chapeau, des chaussures fermées et un pull. Nous ne publierons aucune photo des enfants sans votre accord.
>
> Merci de nous répondre avant le samedi 6 juin, en précisant combien vous serez.
>
> Bien cordialement,
>
> Les parents d'Amani

Kwa Kiswahili barua inasema kwamba Amani, anayesoma darasa moja na Lucas, anatimiza miaka 7, na wazazi wake wangefurahi kumpokea Lucas kwao Naivasha Jumamosi tarehe 13 Juni, kuanzia saa tano hadi saa kumi. Kwa kuwa njia ni ndefu, wazazi na ndugu zake wanakaribishwa. Kutakuwa na mlo saa sita na nusu na keki saa nane na nusu. Yanafuata maelezo ya mzio, njia, usalama, vitu vya kubeba na picha, na mwisho ombi la kujibu kabla ya tarehe 6 Juni na kutaja idadi ya watakaokuja. Namba ya simu huwekwa chini ya sahihi kwa tarakimu. Haiandikwi kwa maneno, kwa sababu Wabelgiji na Wakongo huitaja 70 na 90 tofauti na Wafaransa, lakini tarakimu ni zilezile kwa wote.

Kutuma na kupokea jibu

Barua hutumwa kwa kila familia peke yake. Kuiweka kwenye kundi la wazazi wa darasa ilhali watoto wachache ndio walioalikwa ni kuwatangazia wengine kwamba wameachwa, na kadi za karatasi zinazogawanywa darasani hufanya vivyo hivyo mbele ya watoto. Darasa zima likialikwa, kundi linafaa.

Jibu la kukubali huwa na *avec plaisir* au *Lucas viendra*, na jibu la kukataa huwa na *malheureusement* au *ne pourra pas*. Kuna aina ya tatu inayowadanganya wengi. *Nous vous tiendrons au courant*, tutawajulisha, si kukubali wala kukataa, na mwenyeji asimhesabu mgeni huyo kwenye sahani. Tarehe ya mwisho ikipita bila neno, swali moja la upole linaruhusiwa: *Avez-vous pu voir si Lucas sera des nôtres ?*, mmeweza kuona kama Lucas atakuwa nasi? Asiyejibu hata hapo hahesabiwi.

Kabla ya kutuma, barua isomwe na mtu wa pili anayejua Kifaransa, na asomaye aangalie vitu vitatu tu: saa zimeongezwa 6, *vous* haijageuka *tu* katikati, na kila jina lina *de* au *d'* inayolifaa. Kosa dogo la tahajia humfanya mgeni atabasamu na kuja. Saa au mlo ulioandikwa vibaya humfikisha mgeni wakati usiofaa au humweka na njaa, na ndiyo sababu mistari hiyo miwili inastahili kusomwa mara mbili zaidi ya barua yote iliyobaki.